Mali Bila Daftari: Ploti Moja, Wanunuzi Watatu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa nasaha kwa mwenye duka asiyeandika madeni ya wateja wake, au kwa mkulima asiyejua magunia mangapi yaliingia ghalani na mangapi yakatoka. Fasiri hiyo ni sahihi, ila ni finyu. Katika Kenya ya leo, pale methali hii inapotimia kwa uchungu mkubwa zaidi ni katika ununuzi wa ardhi, na hasa katika ule ulaghai ambapo ploti moja huuzwa kwa watu wawili, watatu au hata zaidi, kila mmoja akiwa na mkataba wake, stakabadhi zake na matumaini yake.

Kaaga, kandokando ya mji wa Meru, ni mahali panapofaa kulitazamia suala hili. Wamishonari wa Kimethodisti walifungua kituo chao hapo mwaka wa 1912, na tangu hapo jina la Kaaga limeandamana na kanisa na shule. Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichopewa hati ya kutambuliwa rasmi mwaka wa 2006, hakiko mbali. Mahali palipo na shule, chuo na mji unaopanuka hapakosi watu wanaotafuta pa kujenga: mwalimu aliyehamishiwa huko, muuguzi aliyechoka kulipa kodi ya nyumba, mfanyabiashara anayetaka kuwajengea wanafunzi vyumba vya kupanga. Shamba lililokuwa la mibuni na migomba hukatwa vipande vya futi 50 kwa 100, na kila kipande huitwa ploti. Bei hupanda, madalali huongezeka, na haraka huingia katika jambo ambalo halikuumbiwa haraka.

Wanaoshauri kuhusu ulaghai huu kwa kawaida husema neno moja: mnunuzi ahakikishe kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi. Ushauri huo ni mzuri, lakini hautoshi, na kutotosha kwake ndiko kunakowaangamiza watu waangalifu. Katika mauzo ya mara mbili au tatu, muuzaji mara nyingi ndiye mwenye ardhi kweli kweli. Jina lake limo katika daftari la serikali. Hati aliyo nayo ni halali. Majirani wanamfahamu tangu utotoni. Mnunuzi wa kwanza akichunguza ataambiwa ukweli, wa pili ataambiwa ukweli uo huo, na wa tatu vilevile. Hivyo basi, swali la kuuliza si hilo la nani mwenye ardhi leo peke yake. Swali la pili, lenye uzito zaidi, ni hili: ni kitu gani kitakachomzuia mwenye ardhi huyo kuiuza tena kesho, kabla jina la mnunuzi halijaingia daftarini?

Na ichukuliwe hadithi ya kubuni, ambayo kila hatua yake inawezekana katika utaratibu wa ardhi ulivyo nchini. Mzee mmoja wa Kaaga ana ploti iliyokwisha kupimwa na kupewa hatimiliki yake yenyewe, yenye ukubwa wa takriban hektari 0.046, yaani ile hamsini kwa mia ya kawaida. Anaitangaza kwa shilingi 1,200,000. Mwezi wa Januari mwalimu anafika. Anakwenda katika ofisi ya ardhi mjini Meru, anafanya upekuzi rasmi, ule ambao wengi huuita sachi, na anapewa cheti kinachoonyesha kwamba ploti ni ya mzee na haidaiwi na yeyote. Wanaandikiana mkataba mbele ya wakili. Mwalimu analipa shilingi 700,000, na zilizobaki anaahidi kuzilipa kidogo kidogo hadi Desemba. Ili kumtuliza moyo, mzee anamkabidhi hatimiliki yenyewe aiweke. Mwalimu anaifungia kabatini, analala usingizi mnono. Kwake yeye, aliye na hati ndiye aliye na ardhi.

Mwezi wa Februari mzee anaapa kwamba hatimiliki yake imepotea. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mtu aliyepoteza hati kuomba nyingine. Msajili hutoa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku 60 zikipita bila pingamizi, hati mpya hutolewa na ile ya zamani huhesabiwa kuwa imekufa. Mwalimu hasomi Gazeti Rasmi, na ni walimu wangapi wanaolisoma? Mwezi wa Aprili, tangazo likiwa bado linahesabiwa siku zake, muuguzi anafika. Naye anafanya upekuzi, naye anaambiwa ploti ni ya mzee na haina mdai. Analipa shilingi 500,000 kwa mkataba, akiwa ameonyeshwa nakala tu ya hati. Mwezi wa Juni anafika mfanyabiashara mwenye fedha taslimu. Upekuzi wake unatoa jibu lile lile. Hati mpya ipo. Anapata idhini zinazohitajika, analipa ushuru wa stempu, anawasilisha fomu ya uhamisho, na mwezi wa Julai jina lake linaandikwa daftarini.

Mwezi wa Agosti mwalimu anapita njiani na kukuta mchanga na mawe yamemwagwa katika ploti yake. Anakimbilia ofisi ya ardhi na hatimiliki mkononi. Karani anafungua daftari, anatazama, kisha anamrudishia karatasi yake.

Katika hadithi hii hakuna karatasi iliyoghushiwa. Upekuzi wote watatu ulisema kweli. Uongo ulikuwa mmoja tu, kile kiapo cha hati kupotea, na hata kama kiapo hicho kisingekuwapo, bado muuguzi angeweza kuuziwa ploti ya mwalimu. Sababu yake ni kwamba mkataba wa mwalimu ulikaa kabatini kwa mwalimu. Daftari halikuwa na habari zake, na mali ikapotea bila habari.

Hapa ndipo lugha inapostahili kutazamwa, kwa kuwa kosa la mwalimu kwa kiasi fulani ni kosa la neno. Kiswahili kimeliunda neno hatimiliki kwa kuunganisha hati na milki, na muungano huo umewafanya wasemaji wengi waamini kwamba milki imo ndani ya hati, kama roho ndani ya mwili. Kisheria mambo hayako hivyo. Milki huzaliwa kwa kuandikwa katika daftari la msajili, na hati ni ushahidi tu wa kile kilichoandikwa huko. Daftari likibadilika, hati iliyobaki nje huwa kama picha ya mtu aliyekwisha kuhama. Mwenye kuipokea hati ya mwenziwe kuwa amana hajapokea ardhi, amepokea picha.

Kwa ardhi za mashambani zilizosajiliwa chini ya ile sheria ya mwaka 1963, iliyofutwa mwaka 2012, daftari hilo la kila kipande lilikuwa kadi ngumu ya rangi ya kijani, na hadi leo watu wa ofisi za ardhi huiita kadi ya kijani. Ina sehemu tatu. Ya kwanza hueleza ardhi yenyewe: namba yake, ukubwa wake na karatasi ya ramani inamopatikana. Ya pili huorodhesha wenye ardhi, mmoja baada ya mwingine, na tarehe ya kila mmoja kuingia. Ya tatu huandika mizigo iliyo juu ya ardhi, yaani mikopo ya benki, amri za mahakama na mazuio. Namba ya ardhi nayo husomeka kama anwani. Katika maeneo yanayouzunguka mji wa Meru hukutwa majina kama Nyaki/Kithoka, Nyaki/Mulathankari au Ntima/Igoki, yakifuatwa na tarakimu; jina la kwanza ni la eneo, la pili ni la sehemu ya usajili, na tarakimu ni ya kipande chenyewe. Tarakimu moja ikikosewa, mtu atakuwa amechunguza shamba la mwingine.

Anayetaka kununua basi aanze kwa kupata namba hiyo kamili pamoja na nakala ya hati na ya kitambulisho cha muuzaji. Aende mwenyewe, au amtume wakili wake, kuomba upekuzi rasmi. Asikubali cheti cha upekuzi anacholetewa na dalali, kwa kuwa karatasi hiyo inaweza kuwa ya mwaka uliopita au ya kuchongwa. Serikali ilizindua mfumo wa mtandaoni uitwao Ardhisasa mwaka wa 2021, ukianzia Nairobi, na pale ambapo daftari limehamishiwa humo upekuzi hufanywa humo. Pale lilipobaki katika karatasi, fomu hupelekwa ofisini. Vyovyote iwavyo, cheti hicho husema hali ilivyo siku hiyo tu. Cha Januari hakijui lolote la Februari. Kwa sababu hiyo upekuzi hufanywa zaidi ya mara moja: kabla ya mkataba, kabla ya kila malipo makubwa, na baada ya uhamisho, ili mnunuzi aone jina lake kwa macho yake.

Zaidi ya cheti hicho, ni busara kuomba nakala ya kadi yenyewe iliyothibitishwa na msajili. Cheti cha upekuzi ni kama sentensi ya mwisho ya hadithi, ilhali kadi ni hadithi nzima. Msomaji wa kadi ataona ardhi ilivyotoka kwa mwenyewe wa kwanza, ikarithiwa au ikauzwa, hadi ilipofika kwa muuzaji. Akikuta imebadilisha mikono mara tatu katika miezi michache, na asimame. Akikuta hati mpya ilitolewa juzi kuchukua nafasi ya iliyopotea, asimame na kuuliza ilipotea vipi, na je, haimo kabatini mwa mtu. Akikuta kadi imefungwa kwa sababu ardhi iligawanywa, basi hati anayoonyeshwa ni ya namba isiyokuwapo tena, hata kama muhuri wake ni halali. Na akikuta mwenye jina ni marehemu, ajue kwamba mtoto wa marehemu, awe kifungua mimba au kitinda mimba, hana mamlaka ya kuuza mpaka mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi na uteuzi huo uthibitishwe. Ploti nyingi huuzwa mara mbili kwa njia hii: baba aliuza kwa mkataba akafa kabla ya uhamisho, kisha wana wakaja kuuza tena, wengine kwa kutojua, wengine kwa kujua sana.

Baada ya daftari hufuata udongo. Ramani ya ofisi ya upimaji itaonyesha kipande kilipo, lakini sheria yenyewe inasema kwamba mipaka ya ramani za aina hii ni ya kukadiria. Yafaa mpima ardhi mwenye leseni atembee na mnunuzi na kumwonyesha kwamba ploti anayoiona ndiyo hiyo yenye namba anayouziwa. Majirani nao waulizwe, kwa kuwa jirani anajua nani aliyechimba msingi usiku na nani aliyekuja mwezi jana na futi ya kupimia. Hata hivyo, ushahidi wa jirani una mpaka wake: anajua anayelima, hajui aliyetia sahihi katika ofisi ya wakili.

Yote hayo yakikamilika, mnunuzi atakuwa amejikinga dhidi ya yaliyopita. Yajayo bado yako wazi. Kinga yake ni ile ambayo mwalimu wa hadithi hakuambiwa na mtu: zuio. Sheria ya Usajili wa Ardhi, katika kifungu cha 71, inamruhusu mtu mwenye haki inayotokana na mkataba juu ya ardhi kumwomba msajili aandike zuio dhidi ya ardhi hiyo. Wananchi huliita kaveti au kosheni. Mwombaji hujaza fomu, hueleza kwa kiapo haki anayoidai, huambatisha mkataba na kulipa ada. Msajili akilikubali, huliandika katika ile sehemu ya tatu ya daftari na kumwarifu mwenye ardhi. Tangu siku hiyo, yeyote atakayefanya upekuzi ataliona, na uhamisho hautasajiliwa mpaka zuio liondolewe. Kama mwalimu angefanya hivyo wiki ile ile ya Januari, muuguzi angeliona mwezi wa Aprili na kuhifadhi shilingi zake 500,000, na mfanyabiashara angegeukia ploti nyingine.

Zuio nalo lina masharti na mipaka. Halisimami bila haki ya kulitegemeza, na mkataba wa kuuza ardhi usioandikwa, usiotiwa sahihi na pande zote, au ambao sahihi zake hazikushuhudiwa, ni vigumu mno kutetewa mahakamani. Mwenye ardhi anaweza kuomba liondolewe, na msajili humpa mweka zuio notisi ya kujieleza. Anayebadilisha anwani bila kuarifu ofisi huenda asiione notisi hiyo. Na anayeliweka bila sababu ya haki anaweza kudaiwa fidia. Kwa ufupi, zuio humpa mnunuzi mwaminifu muda, nao muda ndio ambao tapeli huuiba.

Fedha nazo zifuate mwendo wa daftari. Desturi ya mawakili nchini ni mnunuzi kutoa asilimia 10 wakati wa kutia sahihi, na salio kukabidhiwa uhamisho unapokamilika au kuwekwa kwa wakili kwa ahadi ya maandishi. Mwalimu alilipa zaidi ya nusu akiwa hajaandikwa popote. Kila shilingi inayotangulia daftari ni shilingi iliyotembea usiku bila taa.

Ikiwa ardhi ni ya kilimo, kuna mlango mmoja zaidi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inataka mauzo yapate idhini ya bodi ya ardhi ya eneo, na ombi lipelekwe katika muda wa miezi 6 tangu mkataba. Kaaga iko pale ambapo mji na shamba hukutana, hivyo kila ploti lazima iulizwe iko upande gani. Watu wengi huiona bodi kama usumbufu. Kwa kweli ni mojawapo ya nafasi chache ambapo muuzaji husimama hadharani, mara nyingi pamoja na mke na watoto wake, na kuulizwa kama kweli anauza na anamuuzia nani. Ni vigumu kumdanganya mnunuzi wa pili mahali ambapo wa kwanza alisimama mwezi uliotangulia. Muuzaji anayetafuta kila sababu ya kukwepa bodi amekwisha kujieleza.

Ipo hali moja ambapo kinga hizi zote hulegea, nayo imeenea. Ni pale ploti inapouzwa kabla haijazaliwa. Mwenye shamba la ekari moja, lenye hati moja, humwita mtu akamchorea mistari katika karatasi, na ploti namba 4 ya mchoro huo huuzwa kabla ya mgawanyo kusajiliwa. Msajili haijui ploti namba 4. Anajua ekari moja tu. Wanunuzi watano wakifanya upekuzi, wote watapata jibu kuhusu ekari nzima. Hesabu ndogo husaidia kumbaini mwongo: ekari moja ni futi za mraba 43,560, na hamsini kwa mia ni 5,000, kwa hiyo hata bila njia ya kupita ekari haiwezi kutoa ploti 9. Mchoro ukionyesha ploti namba 11, kuna mtu atakayejenga hewani. Kinga ya kweli ni kungoja: fomu ya mgawanyo itiwe sahihi na mpima ardhi, idhini ya kugawanya ipatikane, hati ya zamani irudishwe na kufungwa, na namba mpya zitolewe. Asiyeweza kungoja aweke zuio juu ya hati nzima, akijua kwamba anawazuia na majirani zake watarajiwa.

Je, mahakama haiwezi kumwokoa aliyetapeliwa? Huweza, ila si kwa wepesi wala si kwa hakika. Mfanyabiashara wa hadithi amesajiliwa, na daftari linamtambua. Mwalimu ana hoja, kwa kuwa kifungu cha 26 cha sheria hiyo kinaruhusu hati kupingwa ikiwa mwenyewe alishiriki ulaghai, au ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria au utaratibu, na hati mpya ilitokana na kiapo cha uongo. Lakini hoja si ushindi, na kesi ya ardhi si ya mwezi mmoja. Muuguzi, asiye na hati wala idhini ya bodi, atabaki kudai fedha zake kama deni kwa mtu ambaye huenda amekwisha kuzitumia. Polisi wakimshtaki mzee kwa kujipatia fedha kwa hila, Kanuni ya Adhabu inampa kifungo kisichozidi miaka 3, nacho kifungo hakirudishi ploti. Mwaka wa 2014 Mahakama ya Rufaa iliwasikiliza wanunuzi zaidi ya 80 waliokuwa wamenunua vipande katika shamba moja lisilokuwa na idhini ya bodi, ikaamua kwamba muuzaji aliyepokea fedha zao na kuwakabidhi ardhi hakuweza kuwageuka. Uamuzi huo uliwafariji wengi, ila wanunuzi hao walikuwa tayari juu ya ardhi. Mwalimu alikuwa na hati kabatini.

Inafaa pia kukiri kwamba daftari lenyewe si msahafu. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Meru, iliamua kwamba amana ya kimila, yaani ardhi ya ukoo au familia iliyoandikwa jina la mmoja kwa niaba ya wengine, humfunga aliyesajiliwa hata kama haikuandikwa daftarini. Na mwaka wa 2023 mahakama hiyo hiyo ilisema katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa kwamba mnunuzi mwema hapati kinga ikiwa chimbuko la hati aliyonunua lilikuwa haramu. Ndiyo sababu kadi isomwe yote, na wazee wa ukoo waulizwe. Lakini mipaka hiyo ya daftari haimpi mtu ruhusa ya kukaa nje yake.

Wapo wanaosema kwamba kosa ni la wanunuzi, na kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama yanayotazamwa yangeandikwa kwa lugha wanayoisoma. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo sheria za ardhi, mikataba ya mawakili na kadi za daftari husomeka kwa Kiingereza, na mzee na mwalimu hutia sahihi pale walipoonyeshwa na kidole. Zuio, ambalo ndilo ngao pekee ya mnunuzi katika miezi ya hatari, halina hata jina moja la Kiswahili lililotulia. Kila ofisi hulitamka kivyake. Kitu kisicho na jina hakiulizwi. Wanaofundisha na kujifunza istilahi katika vyuo wana kazi iliyo wazi hapo, nayo ni ya maneno kumi tu, ila ni maneno yenye thamani ya mashamba.

Bunge nalo lina lake. Kuweka zuio leo ni hiari, na hiari hiyo humnufaisha anayejua na kumwacha asiyejua. Ingetosha sheria kumtaka wakili yeyote anayeshuhudia mkataba wa kuuza ardhi auwasilishe kwa msajili katika siku chache, ili uandikwe daftarini bila mnunuzi kuombwa. Mwenye ardhi mwaminifu hatapoteza chochote, kwa kuwa amekwisha kuuza. Atakayepoteza ni yule aliyekusudia kuuza tena.

Mpaka hapo, mwalimu wa Kaaga anayekwenda kununua ploti na aende na kalamu, lakini asisahau kwamba sahihi yake katika mkataba ni nusu ya maandishi. Nusu ya pili imo katika ofisi ya ardhi mjini Meru, katika sehemu ya tatu ya daftari, na huandikwa tu kwa anayeomba.